Mshahara wa simuni na mshahara wa kwenye barua

Ujumbe wenyewe huwa mfupi na wenye adabu. "Habari za jioni. Hongera, menejimenti imekuchagua. Kutokana na bajeti, mshahara utakuwa shilingi 1,650,000. Naomba uthibitishe leo ili barua ya ofa iandaliwe." Zile milioni mbili alizozitaja wakala wa ajira siku ya kwanza alipopiga simu hazimo. Hazikukanushwa wala hazikuelezwa. Zimerukwa tu, kana kwamba hakuna aliyewahi kuzitamka.

Wengi hujibu ujumbe wa namna hii palepale. Kuna anayeandika "Sawa, nashukuru sana" kwa kuogopa kwamba akichelewa nafasi atapewa mwingine, kisha usiku usingizi hauji. Na kuna anayerusha meseji ndefu ya hasira, kwamba wamemdanganya, wamempotezea muda, na kama mambo yenyewe ndiyo haya basi kazi yao wabaki nayo. Huyu mpole na huyu mkali wamekosea mahali pamoja: wamejibu kabla hawajajua kilichopungua ni kitu gani na aliyekipunguza ni nani.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Nimeutunga, lakini kila kipande chake ni cha kawaida katika ajira za Tanzania Bara. Mhasibu anafanya kazi Dodoma kwa mshahara wa shilingi 1,400,000 kabla ya makato. Anapigiwa simu na wakala wa ajira aliyeko Dar es Salaam, anayemtafutia mtu mwenye kiwanda cha minofu ya samaki Mwanza. Wakala, dada mchangamfu, anamwambia mshahara ni "kama milioni mbili hivi". Mhasibu anafanya usaili wa kwanza kwa video, wa pili anapanda basi kwenda Mwanza. Wiki moja baadaye unaingia ule ujumbe wa 1,650,000.

Swali la kwanza halihusu haki wala uongo. Linahusu aina ya namba. Mtu anapotaja mshahara kwa simu, anaweza kuwa anataja fedha ya mkononi, anaweza kuwa anataja mshahara kabla ya makato, na anaweza kuwa anataja kifurushi kizima chenye posho ya nyumba na usafiri ndani yake. Ugomvi mwingi wa "mmenishushia mshahara" huwa haukuanza na kushusha. Ulianza na watu wawili waliotaja namba moja huku kila mmoja akiwa na maana yake.

Tofauti hiyo si ndogo. Mfanyakazi wa sekta binafsi aliyeko NSSF kwa kawaida hukatwa asilimia 10 ya mshahara kwa ajili ya mfuko, na mwajiri naye huchangia asilimia 10 yake. Kinachobaki baada ya mchango wa mfanyakazi ndicho kinachotozwa kodi ya mapato ya ajira, ile ambayo wahasibu huiita PAYE. Kwa viwango vya kodi ambavyo watu wengi wamevizoea kwenye slipu zao, kipato cha mwezi kinachozidi shilingi 1,000,000 hutozwa shilingi 128,000 pamoja na asilimia 30 ya ile ziada. Sasa pigia hesabu milioni mbili. Mfuko unachukua 200,000, inabaki 1,800,000. Kodi yake ni 128,000 na asilimia 30 ya 800,000, yaani jumla 368,000. Mkononi zinafika 1,432,000.

Igeuze hesabu hiyo. Ili mfanyakazi apate milioni mbili kamili mkononi, mshahara kabla ya makato lazima uwe karibu shilingi 2,900,000. Kwa hiyo wakala aliyesema "milioni mbili" akimaanisha kabla ya makato, na mwombaji aliyesikia "milioni mbili" akiwaza mkononi, wametofautiana kwa karibu laki tisa kila mwezi na hakuna kati yao aliyesema uongo. Ndiyo sababu, kabla ya kulalamika, mwombaji anarudi kwenye simu yake na kusoma upya kila kilichoandikwa. Wakala aliandika nini hasa? Alisema "mkononi"? Alisema "kati ya 1,600,000 na milioni mbili", na mwombaji akaikumbuka ile namba ya juu peke yake? Hili la mwisho hutokea sana, maana sikio la anayetafuta kazi halishiki namba ya chini.

Mhasibu wetu alikuwa na bahati, au tuseme alikuwa mhasibu. Siku ileile ya simu ya kwanza aliandika wasapu: "Asante kwa mazungumzo. Nimeelewa kuwa mshahara ni milioni 2 kabla ya makato, kituo ni Mwanza." Wakala akajibu kwa kidole gumba. Kidole gumba si mkataba, lakini kinatosha kuonyesha kwamba namba ilitajwa na ilieleweka kwa maana moja. Kwa hiyo hapa kweli kuna upungufu: 350,000 kabla ya makato.

Upungufu huo nao unafaa kutafsiriwa kwa lugha ya mkononi, maana nyumba inaendeshwa kwa fedha ya mkononi. Kwenye mishahara ya kiwango hiki kila laki moja inayoongezwa hukatwa 10,000 ya mfuko na 27,000 ya kodi, ikabaki 63,000. Laki tatu na nusu zilizopotea ni shilingi 220,500 mkononi. Ofa ya 1,650,000 inampa 1,211,500, wakati mshahara wake wa Dodoma unampa 1,054,000. Akikubali kama ilivyo, atakuwa ameongeza 157,500 kwa mwezi. Akiwa bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi nayo inaondoka, na kila laki inayoongezwa kwenye mshahara huo inamwachia 48,000 tu. Msomaji wa Kenya ana makato ya aina nyingine, zikiwemo asilimia 2.75 za mfuko wa afya na asilimia 1.5 za nyumba, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki.

Kisha kuna gharama ya kuhama. Gari la mizigo, nauli ya familia na vitu vidogo vya kuanzia nyumba mpya, mhasibu anakadiria shilingi 900,000. Kwa ongezeko la 157,500, fedha hiyo itachukua karibu miezi 6 kurudi. Kwa ile milioni mbili ya kwanza, ambayo ingemwongezea 378,000 mkononi, ingerudi ndani ya miezi miwili na nusu. Sasa anajua anachokipigania, na anaweza kujiwekea sakafu. Akiangalia hesabu zake anaamua kwamba chini ya 1,800,000 hahami. Namba hiyo haambii mtu yeyote.

Baada ya kilichopungua, tuje kwa aliyepunguza. Kwa kawaida wakala hulipwa na mwajiri mtu akishapatikana na kuanza kazi. Maslahi yake makubwa ni nafasi ijazwe. Laki tatu za mwombaji zinamgusa kidogo sana. Mara nyingi pia hana mamlaka ya kupanga mshahara: namba aliyoitaja mwanzo aliipewa kama makadirio, au aliikuza kidogo ili mtu mzuri asikatae kuja kwenye usaili. Kwa hiyo kumpigia kelele wakala ni kumpigia kelele tarishi, hata pale ambapo tarishi mwenyewe ndiye aliyetia chumvi. Anayeweza kurudisha fedha ni mwenye kiwanda, na wakala ndiye njia ya kumfikia. Ukimgeuza adui umejifungia njia.

Kuna hali moja ambayo mambo hugeuka. Kama wakala ndiye atakayekusaini mkataba na kukulipa, huku kiwanda kikimlipa yeye, basi kila shilingi anayokupunguzia inaweza kubaki kwake. Uliza mapema na kwa upole: "Mkataba nitasaini na nani?" Jibu la swali hilo linakuambia mengi kuliko maelezo yote ya bajeti.

Kisheria, ahadi ya simuni ina nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, pendekezo linaweza kuondolewa wakati wowote kabla ya kukubaliwa, na kukubali lazima kuwe kamili, bila masharti mapya. Namba iliyotajwa na mtu asiye na mamlaka ya kuajiri, kabla hata ya usaili, mara nyingi haifikii kuwa pendekezo. Kwa hiyo jibu la kutishia mahakama katika hatua hii ni jibu la mtu ambaye hana kesi, na afisa rasilimali watu wa upande wa pili analijua hilo.

Lakini kanuni hiyohiyo inamfunga mwombaji mahali ambapo wengi hawapaoni. Ukiandika "1,650,000 siikubali, nataka milioni mbili", umelikataa pendekezo lao na kuweka la kwako. Wakisema hapana, huwezi tena kurudi na kusema "basi ile ya kwanza naichukua" kama haki yako, watakupa wakipenda. Anayetaka kujadiliana bila kuangusha kilichopo mezani anauliza, hakatai. "Je, kuna uwezekano wa kufikia kiasi fulani?" ni swali. Linaiacha ofa ilipokuwa.

Mambo hubadilika kabisa ikiwa barua ya ofa ya milioni mbili ilishatoka na ukaisaini, ndipo wakakuambia namba imeshuka. Hapo kuna makubaliano, na hawawezi kuyabadilisha peke yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, ujira na namna unavyokokotolewa ukiwemo, na yakibadilika ashauriane naye na kumjulisha kwa maandishi. Mgogoro ukifika kwenye shauri na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti unakuwa wake. Mlango wa kwanza wa malalamiko ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa migogoro isiyo ya kuachishwa kazi muda wa kufungua shauri ni siku 60. Mhasibu wetu hajafika huko. Ana kidole gumba tu.

Jioni ile ya ujumbe alijibu sentensi mbili: "Asante kwa taarifa njema. Nitakujibu kesho kabla ya saa sita mchana." Neno "thibitisha leo" halikuwa na uzito wowote wa kweli, barua yenyewe ilikuwa haijaandikwa. Kisha asubuhi akapiga simu, na hakupiga kwa ajili ya kujadiliana. Alikuwa na swali moja: "Dada, tulipoanza tulizungumza milioni mbili. Nini kimebadilika?" Akanyamaza asikilize. Kimya hicho ni kigumu kwa watu waliolelewa kujaza kila nafasi ya mazungumzo kwa "lakini hamna shida", ila ndicho kinachomfanya mwenzako aeleze.

Majibu ya swali hili kwa kawaida huja kwa sura tatu. Wengine husema bajeti, na hapo unauliza bajeti ya nafasi hii au ya kiwanda kizima, maana ya kwanza hujadilika na ya pili ni vigumu. Wengine huzunguka na kurudia "ndivyo walivyosema", na hapo unajua wakala hakuuliza, hivyo kazi yako ni kumpa kitu cha kwenda kuulizia. Na wengine hutoa sababu inayokuhusu wewe. Mhasibu alipewa ya tatu: ngazi ya milioni mbili pale kiwandani ni ya mwenye CPA, cheti cha bodi ya wahasibu, NBAA, naye amebakiza mitihani.

Sababu hiyo ina nguvu na ina udhaifu. Nguvu yake ni kwamba ni kweli. Udhaifu wake ni kwamba ilijulikana tangu siku ya kwanza, kwa sababu wasifu wake ulisema wazi amefika hatua gani, na wakala alimpigia baada ya kuusoma. Tena ni sababu yenye mwisho: siku mitihani ikiisha, nayo imeisha. Ndiyo maana kuuliza kwanza kulikuwa na faida. Kama angeanza na hasira, asingeipata sababu hii, na jibu lake lingekosa mahali pa kushika.

Hili ndilo jibu alilotuma kwa barua pepe kabla ya saa sita:

"Habari za asubuhi, dada. Asante kwa maelezo ya leo. Nimefurahi kuchaguliwa, kazi hii naitaka na niko tayari kuhamia Mwanza. Mshahara uliotajwa jana ni shilingi 1,650,000 kabla ya makato. Tulipozungumza mara ya kwanza, na kwenye ujumbe niliokutumia siku hiyohiyo, tulielewana milioni 2 kabla ya makato, na kwa kiwango hicho ndipo nilipokubali kuendelea na usaili. Suala la CPA lilikuwa wazi kwenye wasifu wangu. Je, mwajiri anaweza kufikia shilingi 1,850,000 kwa kuanzia, na milioni 2 kuanzia mwezi unaofuata nikishamaliza mitihani niliyobakiza, yote yakiandikwa kwenye barua ya ofa? Tukifika hapo nitasaini siku hiyohiyo. Ofa ya sasa sijaikataa. Naomba uwafikishie ujumbe huu kama ulivyo, na nitashukuru kupata jibu kabla ya Jumatano jioni."

Angalia mambo yaliyomo. Anaanza kwa kusema anaitaka kazi, kwa sababu mwajiri anayehisi kwamba mtu yuko mguu ndani mguu nje hapotezi nguvu kutafuta fedha. Namba ya zamani anaitaja mara moja, pamoja na mahali ilipoandikwa, bila neno "ahadi" na bila neno "uongo". Msomaji wa kule kiwandani ataliona mwenyewe. Namba anayoiomba ni moja, iko juu kidogo ya sakafu yake, na ina sababu. Anayeandika "kati ya 1,750,000 na milioni mbili" ameshajipangia 1,750,000, kwa mtego uleule wa sikio, safari hii ukiwa upande wa pili.

Sentensi ya "kama ulivyo" ni ya maana kuliko inavyoonekana. Wakala akipeleka habari kwa maneno yake, mwajiri anaweza kusikia tu kwamba "mtu wenu anataka hela zaidi". Barua pepe iliyoandikwa vizuri inasafirishwa kwa kubofya mara moja, na wakala naye anaikwepa kazi ya kujieleza. Ndiyo sababu nyingine ya kutomshambulia ndani yake. Hakuna anayetuma kwa mteja wake barua inayomwita mwongo.

Na angalia kisichomo. Hakuna ada za watoto, hakuna mzazi anayeuguzwa, hakuna "naomba mnifikirie". Lugha hiyo ni ya kawaida kwetu, na mbele ya mjomba ina nafasi yake. Lakini mwajiri hapangi mshahara kwa kuangalia shida za mtu, na anayeombwa kwa huruma hujisikia huru kutoa kidogo kisha akashukuriwa. Hakuna pia ofa ya kubuni kutoka kampuni nyingine. Uongo huo una hatari moja isiyo na dawa: mtu anaweza kukuambia "hongera, nenda huko".

Wakala alijibu kwa simu jioni: "Kaka, nikuambie ukweli, wapo wengine wawili wanasubiri." Inawezekana kabisa. Katika soko letu la ajira daima wapo wanaosubiri, na mhasibu hakubishana. Alisema, "Naelewa, dada. Naomba tu waione barua, wakisema haiwezekani nitakupa jibu langu siku ileile." Hilo halikumgharimu kitu. Mtu aliyeshapitishwa kwenye usaili mara mbili ana thamani fulani kwa kila aliyehusika, kwa kuwa kuanza upya na wa pili ni kazi, ingawa thamani hiyo si kubwa kiasi cha kuichezea wiki nzima.

Baada ya simu aliandika tena mistari miwili ya kukumbusha walichozungumza. Tabia hii inaonekana ya kikarani, lakini ndiyo iliyompa lile la kidole gumba. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, na hata pasipo kesi yoyote, watu huwa waangalifu zaidi na namba wakijua zimeandikwa.

Jumatano jibu likaja. Kiwanda kinatoa 1,750,000, kinakubali kupandisha hadi milioni mbili mitihani ikiisha, na kitalipa gharama ya kuhama shilingi 900,000. Namba hii iko chini ya sakafu yake kwa 50,000. Je, akatae?

Hapa watu hujifunga na namba waliyojiwekea, kana kwamba ni kiapo. Elfu 50 kabla ya makato ni 31,500 mkononi. Shilingi 900,000 za kuhama zinafidia pengo hilo kwa zaidi ya miaka miwili, na sakafu yenyewe aliiweka akidhani atahama kwa fedha zake. Akakubali, na nadhani alifanya vema. Ningemshauri vingine kama wangepunguza mshahara wa msingi na kujazia kwa posho. Ongezeko la kila mwaka kwa kawaida hupigwa juu ya mshahara wa msingi, na sheria inapima malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo cha kuachishwa kazi kwa mshahara huohuo. Laki mbili za posho ya usafiri na laki mbili za mshahara wa msingi zinalingana mwezi wa kwanza tu.

Barua ya ofa ilipofika hakuisaini papo hapo, ijapokuwa alikuwa ameahidi siku hiyohiyo. Alijipa saa mbili za kuisoma. Mshahara ulikuwa sahihi, umeandikwa "kabla ya makato". Kipengele cha CPA kilisema mshahara "utaangaliwa upya". Maneno hayo hayamfungi mtu, maana kuangalia si kupandisha. Akaomba yaandikwe "utakuwa shilingi 2,000,000 kuanzia mwezi unaofuata uwasilishaji wa matokeo". Wakabadilisha bila maneno. Malipo ya kuhama yalikuwa na sharti la kuyarudisha akiacha kazi kabla ya mwaka mmoja, jambo la kawaida, akaliacha lilivyo.

Kitu kingine kilikuwa kwenye mstari ambao wengi huupita. Mahali pa kuajiriwa paliandikwa Mwanza. Sheria ya ajira inataka mahali hapo patajwe, kwa sababu mkataba ukiisha mwajiri ana wajibu wa kumsafirisha mfanyakazi kumrudisha alikoajiriwa, au kumlipa gharama zake. Aliyetolewa Dodoma na kuandikiwa Mwanza amepoteza haki hiyo kwa neno moja. Aliomba paandikwe Dodoma, na kwa kuwa ombi hilo halikumgharimu mwajiri chochote mwezi huo, likapita.

Wakati wote huu hakuwa ameacha kazi yake. Ningependa kulisema hili kwa sauti zaidi kuliko mengine, kwa sababu ndilo linaloamua kama mtu anajadiliana au anaomba. Wapo wanaopeleka barua ya kuacha kazi siku wanapoambiwa "umepita", kabla hawajaona karatasi yoyote, na mshahara ukishushwa hawana pa kusimama. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria isipungue siku 28, na mkataba unaweza kutaka zaidi. Mhasibu alisaini barua ya kiwanda, akahakikisha upande wa pili nao umesaini na nakala iko mkononi, ndipo akapeleka notisi Dodoma. Tarehe ya kuanza kazi Mwanza aliomba isogezwe wiki moja mbele ili siku hizo 28 zitimie.

Slipu ya mwezi wa kwanza ndiyo ukaguzi wa mwisho. Kwa mshahara wa 1,750,000, mfuko uchukue 175,000, kodi iwe 300,500, na benki iingie 1,274,500, kama hakuna mkopo wala makato mengine aliyoyaridhia. Ikipungua, anapeleka slipu na barua ya ofa kwa afisa rasilimali watu mwezi huohuo, kabla ya mshahara wa pili kuingia ukiwa na upungufu uleule.